Laki Tatu na Hamsini ni Shilingi Ngapi? Namna ya kuandika kiasi na tarehe katika hati ya malipo yenye Kiswahili na Kiingereza

Mpunga ukishavunwa katika Bonde la Kilombero, wanunuzi huingia vijijini na malori, na makaratasi huja pamoja nao. Mkulima wa Mofu anazungumza bei kwa Kiswahili, lakini fomu anayowekewa mbele mara nyingi ina Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kwa sababu mhasibu atakayeidhinisha malipo yuko mbali na anafanya kazi kwa Kiingereza. Kiasi kilekile huandikwa mara tatu: kwa tarakimu, kwa maneno ya Kiswahili na kwa maneno ya Kiingereza.

Kuandika mara tatu kuna faida, kwa sharti kwamba kila mstari umeandikwa kwa namna ya kuulinda mwenzake. Tarakimu ni rahisi kuzichezea, Kiswahili kina upenyo wake, na Kiingereza nacho kina wake, ila penyo hizo haziko mahali pamoja. Anayezijua anaweza kujaza hati ambayo mtu hawezi kuigeuza bila kuacha alama.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Mkulima ameuza kilo 2,500 za mpunga kwa Sh 940 kwa kilo, jumla Sh 2,350,000. Amepokea malipo ya awali ya Sh 1,000,000, na salio la Sh 1,350,000 litalipwa tarehe 8 Julai 2025. Karani wa mnunuzi amejaza hivi:

```
Kiasi: Sh. 1350000
Kwa maneno: Milioni moja laki tatu na hamsini
Tarehe: 08/07/25
```

Kwa haraka haraka hati hii haina tatizo. Tuisahihishe hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Anza na maneno, maana ndiyo yanayobeba uzito

Watu wengi huandika tarakimu kwanza, kisha maneno kama nyongeza. Kisheria mambo ni kinyume. Sheria ya Tanzania ya hundi na hati za ahadi ya malipo, Sura ya 215, inasema kwamba kiasi cha maneno kikitofautiana na cha tarakimu, kinachofuatwa ni cha maneno. Kanuni hiyo imo pia katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1882, ambayo ndiyo iliyozaa sheria za aina hii Afrika Mashariki.

Sasa soma mstari wa maneno wa karani wetu. Mtaani, "laki tatu na hamsini" ni 350,000, wala hakuna anayeuliza, kwa sababu sote tunajua kuna "elfu" iliyomezwa. Lakini anayesoma herufi kwa herufi atapata 300,050. Kwa hiyo mstari ule unaweza kusomwa milioni moja na laki tatu na shilingi hamsini, yaani 1,300,050. Tofauti ni Sh 49,950, thamani ya zaidi ya kilo 53 za mpunga huohuo. Mnunuzi mwenye nia mbaya hahitaji kufuta chochote. Anasoma tu kilichoandikwa.

Tatizo kama hilo lipo kwenye "elfu ishirini na tano". Kwa kawaida tunaelewa 25,000, lakini maneno yaleyale yanaweza kuwa 20,005, kwa sababu "elfu" hutangulia na "na tano" haisemi inashikana na nini. Dawa yake inajulikana siku nyingi: katika hati, itangulize idadi na elfu ije nyuma yake. Andika "ishirini na tano elfu" ukitaka 25,000, na "ishirini elfu na tano" ukitaka 20,005. Kwa milioni na laki mpangilio wa kawaida unabaki, yaani "milioni moja", "laki tatu". Ikiwa milioni zenyewe zina "na" ndani yake, kama milioni ishirini na tano, malizia na neno "kamili" ili kusiwe na mabaki ya kubishania.

Mstari wetu kwa hiyo unakuwa "milioni moja na laki tatu na hamsini elfu". Neno "elfu" lililokuwa limemezwa limerudi mahali pake.

Epuka pia "nusu". "Milioni moja na nusu" inaeleweka sokoni, ila katika hati andika "milioni moja na laki tano". Nusu ya kitu gani ni swali ambalo hati haipaswi kulizua.

Hatua ya 2: Funga mkia wa Kiswahili

Katika Kiswahili kipimo kikubwa hutangulia na idadi hufuata. Kwa hiyo anayetaka kuongeza kiasi hutafuta nafasi mwishoni. "Milioni moja" ikiachwa wazi upande wa kulia, inapokea "na laki tisa" kwa raha zote. Ndiyo maana tunamalizia na "tu", kisha tunapiga mstari kutoka hapo hadi ukingo wa nafasi iliyotengwa.

Lakini "tu" nayo ina mtego wake. Baadhi yetu huandika "laki tu" au "mia tu" tukimaanisha moja. Chomeka "ta" katika nafasi iliyo kabla ya "tu" uone: "laki tu" imekuwa "laki tatu", na laki moja imezaa mbili. Kwa sababu hiyo usiache kamwe kuandika "moja". Andika "laki moja tu", na maneno yakae karibu karibu, herufi zikigusana kama mwandiko wako unaruhusu.

Kuna majina ya namba yanayopakana kwa herufi, na hayo ndiyo ya kuandika kwa uangalifu zaidi. "Nne" hugeuka "nane" kwa kuchomeka herufi moja tu, na kiasi kikaongezeka mara mbili. "Tatu" na "tano" zinaanza sawa, na mwandiko mbaya unazifanya mapacha. "Sita" na "tisa" zikiachiwa nafasi mbele yake zinaweza kuvutwa zikawa "sitini" na "tisini". Kama mwandiko wako ni wa kuunganisha herufi na una mashaka nao, andika mstari huu kwa herufi kubwa zilizobanana.

Hatua ya 3: Funga kichwa cha Kiingereza

Kiingereza huanza na idadi, ndipo kipimo kifuate. Kwa hiyo upenyo wake mkubwa uko mwanzoni mwa mstari. Mstari unaoanza "one million" baada ya nafasi tupu unaweza kutanguliziwa "twenty", na milioni moja ikasomwa ishirini na moja. Anza kuandika palepale nafasi inapoanzia, tena utangulize jina la sarafu, ili neno la kwanza la kiasi lisiwe na pa kupakatia kitu.

Upenyo wa pili uko mwishoni mwa baadhi ya majina ya namba. "Six" ikiongezwa herufi mbili inakuwa "sixty", na hivyo hivyo "seven" na "nine". "Eight" yenyewe inahitaji herufi moja tu. Herufi hizo zinahitaji nafasi, kwa hiyo neno linalofuata liwe karibu.

Hapa ndipo faida ya lugha mbili inapoonekana. Anayegeuza "nne" kuwa "nane" bado ana "four" ya kushughulika nayo, na hakuna herufi ya kuchomeka itakayoifanya "eight". Anayetanguliza "twenty" kwenye Kiingereza atakwama kwenye "milioni moja na laki tatu", ambako "moja" imeshikwa pande zote mbili. Pa kuangalia mara mbili ni pale penye sita na tisa, kwa kuwa namba hizo zinavutika katika lugha zote mbili.

Kwenye upande wa Kiingereza usitumie "laki" wala neno lolote la kwetu. Mhasibu aliyezoea Kiingereza atakisia, na kukisia hakufai kwenye fedha. Laki tatu na hamsini elfu zote huandikwa "three hundred and fifty thousand".

Hundi ya benki ni jambo tofauti kidogo, kwa kuwa ina mstari mmoja tu wa maneno. Chagua lugha moja na uimalize hiyohiyo. Usianze kwa Kiingereza ukamalizia na "laki tano".

Hatua ya 4: Tarakimu zibanwe pande zote

"Sh. 1350000" ina makosa matatu. Kwanza, "Sh." haisemi ni ya nchi gani. Kenya na Uganda nao wana shilingi, na hati yenye Kiingereza inaweza kusomwa Nairobi au Kampala. Andika TZS, alama ya kimataifa ya shilingi ya Tanzania, au "shilingi za Tanzania" kwa kirefu. Kwa dola pia usiishie kwenye alama ya $, kwani nchi kadhaa zinaitumia, andika USD.

Pili, kuna nafasi kati ya "Sh." na 1, na nafasi hiyo inatosha kuweka 2 ikasomeka milioni ishirini na moja. Andika alama mbili za = zikiwa zimegusana na tarakimu ya kwanza.

Tatu, hakuna koma na hakuna kifungio upande wa kulia. Weka koma kila baada ya tarakimu tatu ukihesabu kutoka kulia, kisha umalize na /=. Kifungio hicho tulikizoea tangu zamani, na maana yake ni kwamba hakuna senti. Kwa shilingi ni bora kuliko .00, kwa sababu nukta ni ndogo mno: hati ikitolewa fotokopi mbovu nukta ikapotea, 1,350,000.00 inabaki na sifuri mbili za ziada. Fahamu pia kwamba wenzetu wa Kongo na Burundi, waliosoma kwa Kifaransa, hutumia koma kutenga sehemu za desimali na nafasi au nukta kutenga maelfu. Hati ikielekea huko, mstari wa maneno ndio utakaookoa.

Kwa mwandiko, 1 iwe mstari mnyoofu usio na kofia, na 7 iwe na kijistari katikati, ili moja isigeuzwe saba. 3 ipewe kichwa bapa chenye kona, kwa sababu 3 ya mviringo hufungwa ikawa 8 kwa mizunguko miwili ya kalamu. Katika mfano wetu hiyo ingekuwa hasara ya mnunuzi: 1,350,000 ingekuwa 1,850,000.

Hatari ya kuacha nafasi imeshafika mahakamani. Mwaka 1918 Baraza la Mabwana la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu ya nchi hiyo, liliamua shauri kati ya benki ya London Joint Stock na kampuni ya Macmillan na Arthur. Karani wa kampuni alimletea mbia mmoja hundi ya pauni 2. Mbia alitia sahihi. Tarakimu zilikuwa zimeachiwa nafasi, na mstari wa maneno ulikuwa mtupu. Karani akaongeza 1 mbele ya 2 na sifuri nyuma yake, akajaza maneno ya pauni 120, akachukua fedha na kutoweka. Mahakama iliamua kwamba hasara ni ya kampuni, kwa kuwa mwenye akaunti ana wajibu kwa benki yake wa kuandika hundi kwa uangalifu. Hukumu hiyo inanukuliwa hadi leo katika nchi zilizorithi sheria ya Uingereza.

Hatua ya 5: Mwezi uandikwe kwa jina lake

"08/07/25" kwetu ni tarehe 8 mwezi wa 7. Kwa Mmarekani ni Agosti 7. Kuna hata mifumo ya kompyuta inayotanguliza mwaka, nayo ingeisoma 25 Julai 2008. Kati ya 8 Julai na 7 Agosti kuna siku 30, na kwa mkulima anayesubiri fedha za kulipa vibarua huo ni mwezi mzima wa kuzungushwa kwa kisingizio cha karatasi.

Andika jina la mwezi na mwaka wote, kisha tanguliza siku ya juma: "Jumanne, 8 Julai 2025". Siku ya juma ni kinga ya bure. Anayegeuza 8 kuwa 18 atakuta tarehe 18 ni Ijumaa, na hati yenyewe inamsuta. Tarehe za tarakimu moja ni vyema kuzitangulizia sifuri unapojaza visanduku vya fomu, ili 8 isitanguliziwe 1.

Usiandike "mwezi wa pili" katika mkataba unaolipwa kwa awamu. Mmoja atasema ni Februari, mwingine atasema ni mwezi wa pili tangu tuanze. Vivyo hivyo "ndani ya siku 30" huzua swali la kuhesabia kutoka lini. Ihesabu mwenyewe kabisa, uandike tarehe ya mwisho.

Kama hati inataja saa, kumbuka kwamba saa zetu na za Kiingereza zinapishana kwa sita. "Saa 10:00 jioni" ikihamishiwa upande wa Kiingereza kama ilivyo itasomwa saa nne usiku yetu. Upande wa Kiingereza andika 4:00 p.m., au tumia 16:00, ambayo haina asubuhi wala jioni.

Hatua ya 6: Weka hesabu ndani ya hati

Kiasi kinachosimama peke yake ni rahisi kukigeuza kuliko kiasi kilichozaliwa na hesabu inayoonekana. Andika kilo, bei na malipo ya awali. Andika kilo, si magunia, kwa kuwa gunia la rumbesa si sawa na gunia la kilo 100. Baada ya hapo anayetaka kugeuza salio atalazimika kugeuza pia kilo, au bei, au malipo ya awali, kila mahali yanapotajwa.

Hati ya mfano wetu sasa inasomeka hivi:

```
Kilo 2,500 x TZS 940 = 2,350,000
Malipo ya awali: 1,000,000
Salio: TZS==1,350,000/=
Kwa maneno: Shilingi za Tanzania milioni moja na
laki tatu na hamsini elfu tu ------------------
In words: Tanzania shillings one million three
hundred and fifty thousand only ---------------
Tarehe: Jumanne, 8 Julai 2025, kabla ya saa 10:00 jioni
Date: Tuesday, 8 July 2025, before 4:00 p.m.
```

Chini yake ongeza sentensi moja: "Kukiwa na tofauti kati ya lugha hizi mbili, Kiswahili ndicho kitakachofuatwa." Sheria inasema maneno yanashinda tarakimu, lakini haikuwaandalia ninyi jibu la lugha ipi ishinde nyingine. Mkubaliane wenyewe kabla ya sahihi. Kama mnunuzi anasisitiza Kiingereza kifuatwe, basi mstari wa Kiingereza ndio wa kukaguliwa na mtu wenu anayeijua lugha hiyo, tena kabla ya lori kupakiwa.

Hatua ya 7: Kosea kwa adabu, soma kwa sauti

Ukikosea kiasi, usiandike juu ya kosa wala usitumie wino mweupe. Piga mistari miwili kuukata ukurasa, andika IMEFUTWA, uihifadhi karatasi hiyo ndani ya kitabu cha fomu chenye nakala za kaboni, na ujaze nyingine. Kosa dogo katika maelezo, kama jina la kijiji, linaweza kukatwa kwa mstari mmoja na kuandikwa upya pembeni, pande zote mbili zikitia sahihi fupi kwenye kila nakala. Kiasi na tarehe zisirekebishwe hivyo.

Kisha mtu wa tatu asome kwa sauti. Asome maneno ya Kiswahili tu, tarakimu zikiwa zimefunikwa kwa kiganja, na mkulima ataje kiasi alichosikia.

"Mama, nimesoma milioni moja na laki tatu na hamsini elfu. Ni ngapi hiyo?"

"Milioni moja na mia tatu hamsini."

Jibu hilo ni sahihi kwa mazungumzo, na ndilo pia linaloonyesha kwa nini halifai kuandikwa: lina "elfu" iliyomezwa. Ukishasikia wanakubaliana, kiganja kiondolewe, tarakimu zilinganishwe, na mwenye Kiingereza asome mstari wake. Ndipo sahihi au dole gumba lifuate. Kabla ya kuachana, kila upande upige picha ya hati kwa simu yake, ukurasa mzima, mbele na nyuma.

Ukihisi hati imechezewa

Lete nakala ya kaboni na picha ya simu, uziweke pamoja na hati. Badiliko lililofanywa baadaye haliwi kwenye kaboni, au huwa hapo kwa mkandamizo usiolingana. Inamisha karatasi kuelekea mwanga wa dirishani: wino wa kalamu nyingine hung'aa tofauti, na herufi iliyochomekwa huwa imebanwa kuliko majirani zake. Papasa nyuma ya karatasi kwa kidole, utasikia mahali kalamu ilipopita mara mbili. Kisha rudia hesabu: kilo mara bei, toa malipo ya awali. Jibu lisipofika kwenye salio, usitie sahihi ya kupokea wala usikubali marekebisho ya juu kwa juu. Omba hati mpya, na ile ya zamani ibaki mikononi mwako.

Hatua hizi zote hazimsaidii aliyetia sahihi kwenye fomu tupu, wala haziwezi kuzuia sahihi ya kughushi. Mbia yule wa mwaka 1918 aliweka sahihi halali juu ya mstari ambao haukuwa na neno hata moja. Ukiambiwa "weka dole hapa, sisi tutajaza tukifika Ifakara", kaa na mpunga wako ghalani mpaka fomu ijazwe mbele yako.